Awamu za mradi: kipi ukipange leo, kipi ukiache kwanza

Maswali haya huwa yananifikia kwa zamu, hasa kutoka kwa vijana waliokabidhiwa mradi wao wa kwanza. Awamu za mradi ni ngapi? Hii njia mpya wanayoiita ajaili, ni kweli haina mpango? Na mfadhili akitaka mpango kazi wa miaka miwili wakati hata mwezi ujao siujui, nimwandikie nini?

Nayajibu yote matatu hapa kwa mradi mmoja wa mfano, hatua kwa hatua. Mradi wenyewe ni wa maji: kijiji cha watu 1,500 upande wa Singida, kisima kirefu, pampu ya sola, matenki, vituo vya kuchotea na utaratibu wa wananchi kulipia. Nimeuchagua kwa sababu ndani yake kuna kazi zisizosamehe kosa, na kazi nyingine ambazo huwezi kuzijua kabla hujazijaribu.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

Karatasi ya manila na kalamu ya wino mzito. Programu ya kompyuta isubiri kwanza. Uwe na idadi ya watu kutoka ofisi ya kijiji, na uiulize mara mbili. Uwe na watu wasiopungua wawili wa kupanga nawe, mmoja anayeijua kazi ya ufundi na mwingine anayewajua wananchi. Na uwe na kipimo kimoja cha kuhesabia muda wa kupanga. Mimi natumia siku-mtu: mtu mmoja akipanga siku nzima, hiyo ni siku-mtu 1, watu watatu wakikaa nusu siku, ni 1.5. Bila kipimo hiki utabishana na wenzako kwa hisia tu.

Maneno matatu, basi

*Mpango kamili* ni pale unapopanga karibu kila kitu kabla ya kazi kuanza, kisha unafuata ulichoandika. Vitabu huita mbinu tabiri. *Duru* ni pale unapopanga kidogo, unafanya, unaangalia kilichotokea, unapanga tena kitu kilekile kikiwa bora zaidi. Hii ndiyo ile wanayoiita ajaili. *Mseto* ni mradi mmoja wenye vyote viwili, kila kimoja mahali pake.

Wengi hudhani tofauti ni kwamba mmoja una mpango na mwingine hauna. Sivyo. Skramu, ambayo ndiyo njia ya duru inayojulikana kuliko zote, inatenga hadi saa 8 za kikao cha kupanga kwa duru ya mwezi mmoja. Zidisha kwa miezi 12: saa 96, na hapo hujahesabu vikao vya tathmini. Kupanga kupo tele, ila kumesambazwa. Na yule anayesingiziwa kuwa baba wa mpango kamili, Winston Royce, alichora ule mchoro wa ngazi za kushuka mwaka 1970 na katika makala hiyohiyo akaonya kwamba kuufuata ulivyo ni kujitakia hatari. Watu walibeba mchoro, onyo wakaliacha.

Hatua ya 1: Andika vitakavyobaki mradi ukiisha

Orodhesha vitu, si shughuli. "Kufanya mikutano" si kitu kinachobaki. Kwa kijiji chetu vitabaki hivi: kisima, pampu na paneli zake, matenki, mtandao wa mabomba, vituo vya kuchotea, utaratibu wa malipo, na chombo cha wananchi cha kuendesha huduma.

Weka na hesabu ya msingi. Sera ya maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ilitaka kila mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka kwake, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Kwa watu 1,500 hiyo ni lita 37,500 kwa siku na vituo 6. Jua likikupa saa 6 nzuri za kusukuma maji, kisima chako kinatakiwa kutoa lita 6,250 kwa saa. Tunza namba hii ya mwisho, inarudi hapa chini.

Hatua ya 2: Kata awamu panapohitajika uamuzi

Hapa ndipo wanaoanza hupotea zaidi. Wameambiwa awamu ni tano: kuanzisha, kupanga, kutekeleza, kufuatilia, kufunga. Hizo si awamu. Ni aina za kazi, na zote hurudi ndani ya kila awamu. Mwongozo wa PMI, taasisi ya wasimamizi wa miradi, toleo la 6 la mwaka 2017, wenyewe unasema wazi kwamba makundi hayo yasichanganywe na awamu za mradi. Ukiyageuza kuwa awamu, utajikuta na "awamu ya kupanga" moja kubwa mwanzoni, na baada yake hakuna anayethubutu kupanga tena.

Awamu hukatwa mahali ambapo lazima mtu mwenye mamlaka aseme *endelea*, *badili* au *acha*. Kwa kisima chetu mimi nakata hivi:

Awamu ya kutafuta maji inaisha kwa swali: tuna sehemu ya kuchimba na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde? Awamu ya kuchimba na kupima inaisha kwa swali: maji yanatosha na yanafaa kunywewa? Awamu ya usanifu: michoro na gharama vinakaa ndani ya fedha iliyopo? Ujenzi: maji yanafika vituo vyote sita? Uendeshaji wa majaribio: makusanyo yanalipia gharama za kuendesha? Kisha makabidhiano.

Angalia awamu ya pili. Kisima kimechimbwa, mafundi wamekisukuma maji saa 24 mfululizo, na jibu ni lita 4,500 kwa saa badala ya 6,250. Kwa saa 6 za jua hiyo ni lita 27,000, yaani watu 1,080 tu. Wananchi 420 wamebaki nje. Sasa kuna uamuzi wa kweli: uchimbe kisima cha pili, uongeze jenereta ili usukume kama saa 8 na dakika 20, au upunguze eneo la huduma na uwaambie watu mapema. Sampuli ya maji nayo inakwenda maabara. Singida ina maeneo yenye floraidi nyingi, na Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi hapo, wingi wa maji hausaidii kitu.

*Tahadhari.* Usinunue chochote cha awamu inayofuata kabla swali la awamu hii halijajibiwa. Katika mradi wangu mmoja wa mwanzoni tulinunua mabomba mapema kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Kisima kikatoa nusu ya tulichotarajia, mtandao ukachorwa upya, na sehemu kubwa ya yale mabomba ililala nyuma ya ofisi ya kijiji kwa misimu miwili, mbuzi wakiyatumia kama kivuli.

*Tahadhari nyingine.* Kisima kilichopimwa mwishoni mwa masika kitakudanganya. Pima mwishoni mwa kiangazi, au angalau punguza matarajio yako kama umepima mvua zikiwa zimetoka kunyesha.

Hatua ya 3: Kila kitu kiulize maswali mawili

Rudi kwenye orodha ya hatua ya 1. Swali la kwanza: nikikosea, kurekebisha kutagharimu nini? Swali la pili: je, kuna mtu anayejua jibu sahihi leo hii?

Bomba lililofukiwa kwa kilomita mbili, kurekebisha ni kufukua. Na jibu sahihi lipo: mhandisi akipewa umbali, mwinuko na wingi wa maji, atakuambia kipenyo. Kosa ni ghali, jibu linajulikana. Hapo panga kikamilifu.

Utaratibu wa malipo ni kinyume chake. Je, mama wa kitongoji cha mbali atalipa kwa simu au kwa sarafu? Mhudumu wa kituo atajaza daftari kila ndoo, au atasubiri jioni na kukisia? Hakuna anayejua, hata wao wenyewe. Ukiwauliza mkutanoni watakujibu kwa heshima kile unachotaka kusikia. Lakini kubadili daftari au bei kwenye kituo kimoja ni kazi ya asubuhi moja. Kosa ni rahisi, jibu halijulikani. Hapo nenda kwa duru.

Kuna kitu kinachosumbua: kosa ghali na jibu halijulikani. Kisima ni hicho. Hapo dawa ni kulipia uchunguzi kabla ya kupanga. Ndiyo maana upimaji wa ardhi unawekewa awamu yake, wala haukai kama mstari mmoja ndani ya awamu ya ujenzi.

Hatua ya 4: Gawa siku za kupanga

Sasa hesabu. Tuseme wapangaji ni watatu: meneja, fundi maji na afisa maendeleo ya jamii. Nimeweka makadirio haya kwa kijiji chetu cha mfano.

Kwa kisima, matenki na mabomba: siku-mtu 12 za kupanga utafutaji na uchimbaji, kisha 24 za usanifu, mchanganuo wa gharama na zabuni baada ya kisima kupimwa, na 4 tu wakati wa ujenzi kwa ajili ya mabadiliko. Jumla 40, na kati ya hizo 36 zimetumika kabla mtaro wa kwanza wa bomba haujachimbwa.

Kwa malipo: siku-mtu 3 mwanzoni za kukubaliana tunapima nini. Kisha duru 6 za wiki mbilimbili. Kila duru ina nusu siku ya kupanga na nusu siku ya tathmini kwa watu watatu, yaani siku-mtu 3. Mara sita ni 18. Jumla 21, na ni moja ya saba tu iliyotumika mwanzoni.

Ungeweza kuandika utaratibu wote wa malipo mezani kwa siku-mtu 10 hivi. Duru zimekula mara mbili ya hapo. Usimfiche bosi wako jambo hili. Duru si njia ya kupunguza kupanga. Zile siku 11 za ziada ni bei ya kujua kitu ambacho mezani hakijulikani, na ina maana kuilipa pale tu ambapo kweli hakijulikani. Ukiendesha duru kwenye kipenyo cha bomba utakuwa unalipa kwa ajili ya jibu ambalo mhandisi angekupa bure.

Kitu kingine cha kuona: hata kwenye mpango kamili, siku 24 kati ya 40 zilisubiri kisima kipimwe. Mpango kamili haumaanishi kupanga yote siku ya kwanza. Unamaanisha kupanga awamu nzima kabla ya kuianza.

Hatua ya 5: Fungia sehemu ya mpango kamili

Michoro, vipimo, gharama na tarehe vikishakubaliwa, andika nani anaruhusiwa kuvibadili na kwa njia gani. Karatasi moja inatosha: nini kinabadilika, kwa nini, kitaongeza fedha na siku ngapi, nani amesaini. Mwenyekiti wa kitongoji akitaka kituo kisogezwe mita 80 karibu na soko, hukatai, unajaza karatasi. Mara nyingi akiona safu ya gharama ombi linapoa lenyewe.

Hatua ya 6: Endesha duru

Anza na kituo kimoja, hata kama vyote sita vinatoa maji. Chagua kitu kimoja cha kujaribu na namba moja ya kukipima. Mimi napenda kulinganisha mita na fedha. Mita inasema zimetoka lita 6,000, sawa na ndoo 300 za lita 20. Kwa shilingi 50 kwa ndoo, mhudumu angekuwa na 15,000. Ana 13,500. Ndoo 30 ziko wapi?

Duru ya kwanza inaweza kuonyesha kwamba wizi haupo: watu wanasuuza ndoo kabla ya kujaza, na wazee wawili wanachota bure kwa ridhaa ya wote. Duru ya pili unajaribu kusuuzia kwenye beseni na kuwaandika wazee daftarini. Ya tatu unajaribu malipo ya simu. Kila wiki mbili mnakaa, mnaangalia namba, mnaamua kimoja cha kubadili.

*Tahadhari.* Kufungua kituo cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu kwa utaratibu uleule si duru. Hiyo ni kujenga kwa mafungu. Duru ina maana umerudi kwenye kitu kilekile na umekibadili kwa sababu ya ulichokiona.

Hatua ya 7: Tafuta mahali sehemu hizi mbili zinapogusana

Miradi ya mseto huvunjikia hapa. Umeufungia ujenzi wa vituo, huku malipo yakiwa bado yanajaribiwa. Duru ya nne inasema kadi za malipo ya kabla ndizo zinafaa. Mita za kadi zinahitaji nafasi yake kwenye bomba, koki ya kufungia kabla ya mita, na sanduku la chuma linalofungwa kwa kufuli. Vituo vyako vimeshamwagwa zege, bomba linatoka ukutani moja kwa moja.

Kwa hiyo kaa na fundi wakati wa usanifu na umuulize: ni kitu gani cha bei ndogo tukiache wazi sasa ili duru ziwe na uhuru baadaye? Kwenye mfano wetu jibu ni koki, kipande cha bomba kinachofunguka kwa yunioni mbili, na sanduku lenye nafasi ya mita ya aina yoyote. Gharama yake kwa vituo 6 ni ndogo sana ukilinganisha na kuvunja zege. Vitu hivi viandike kwenye michoro, visibaki kichwani mwa mtu. Weka pia tarehe ya mwisho: baada ya siku fulani aina ya mita inachaguliwa na haibadiliki tena, kwa sababu lazima ziagizwe.

Mambo yakikwama

*Mfadhili anataka kila kitu kwa tarehe.* Mpe tarehe. Duru zina tarehe kama kazi nyingine. Kisichojulikana ni matokeo, hivyo andika swali badala ya jibu: "Wiki ya 31 na 32, duru ya 3: kupima malipo ya simu kwenye kituo cha 2, uamuzi wa kuendelea au kuacha." Wafadhili wengi ninaowajua wanalikubali hilo. Wasilolikubali ni mstari uliosomeka "kuboresha mfumo" kwa miezi sita.

*Mpango uliofungiwa unabadilika kila wiki.* Hesabu karatasi za mabadiliko na usome sababu zake. Kama nyingi zinatokana na swali la awamu iliyopita, basi ulivuka kabla ya jibu. Rudi ukalijibu. Kama zinatokana na wananchi kutojua wanachotaka, kitu hicho kilistahili duru tangu mwanzo.

*Duru mbili mfululizo hazijabadili chochote.* Ama umeshapata jibu, au unapima kitu kisicho sahihi. Kama pengo kati ya mita na fedha limetulia na kila mtu anajua sababu yake, simamisha duru hata kama zilipangwa sita, na siku zilizobaki zipeleke kwenye mafunzo ya wahudumu.

*Fundi anasema "tutarekebisha mbele ya safari".* Muulize atarekebisha nini. Akisema urefu wa uzio, mwache. Akisema mwinuko wa tenki, simamisha kazi siku hiyohiyo.

*Makabidhiano hayaishi.* Chombo cha wananchi kinakataa kusaini, au kinasaini na kesho yake pampu ikizima wanakupigia wewe. Mara nyingi ni kwa sababu walianza kuhusishwa kwenye awamu ya mwisho. Waingize kwenye vikao vya tathmini kuanzia duru ya kwanza, na kuanzia duru ya nne wao ndio waendeshe kikao huku wewe ukiwa umekaa nyuma. Siku ya kukabidhi utawapa funguo za sanduku la mita, michoro ya mabomba yalivyofukiwa kweli (si ile ya zabuni), majibu ya upimaji wa kisima na maabara, namba ya fundi wa pampu, na daftari ambalo tayari lina mwandiko wao.